Uzi: Tangazo letu la pointi zinazofutwa Juni 30 halieleweki, naomba msaada wa kulinyoosha

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninafanya kazi katika kitengo cha huduma kwa wateja cha maduka ya vyakula na vifaa vya nyumbani yenye matawi Dar es Salaam na Unguja. Mteja aliyejiandikisha kwa namba yake ya simu hupata pointi 1 kwa kila shilingi 1,000 anazonunua, na pointi 1 humpunguzia shilingi 10 katika manunuzi ya baadaye. Kila mwaka, mwishoni mwa Juni, pointi za zamani ambazo hazijatumika hufutwa. Safari hii zitafutwa zile zilizopatikana kabla ya Julai 1, 2025. Mwaka jana tuliwatumia wateja ujumbe huu:

> Ndugu Mteja, tunapenda kukujulisha kuwa alama zako za uaminifu zitaisha muda wake tarehe 30 Juni saa 6:00 usiku. Tafadhali zikomboe kabla ya muda huo ili uendelee kufurahia huduma zetu bora. Vigezo na masharti kuzingatiwa.

Wiki ya kwanza ya Julai dawati letu lilijaa watu. Wapo waliosema hawakujua kuwa jambo lenyewe linahusu pesa, wapo waliofika dukani tarehe 30 mchana wakakuta pointi zimekwisha kufutwa, na wapo waliokuja na risiti mkononi wakitaka punguzo baada ya kulipa. Bosi ameniruhusu kuandika upya, kwa sharti kwamba uwe ujumbe mmoja wa simu, usiozidi herufi 160. Nimejaribu mara nne na kila mara ninaishia kwenye lugha ile ile ya ofisini.

Mzee wa Vibao

Mleta uzi, mimi ninaandika mabango na matangazo ya maduka, na tatizo lako ninaliona palepale mwanzoni. Umeanza na "tunapenda kukujulisha kuwa", maneno ambayo mteja ameyazoea kutoka kwa kila kampuni, kwa hiyo ameshafunga ujumbe kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Weka pesa mbele. Chukua salio lake lote, lizidishe kwa 10, uandike "Una shilingi 18,400!" halafu umwekee na emoji ya zawadi. Nakuhakikishia ataamka kitini. Mambo ya tarehe yafuate nyuma.

Msimamizi Mstaafu

Niliwahi kusimamia mpango wa pointi kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu ni kwamba usiguse sentensi hata moja kabla ya kupata majibu ya maswali matatu kutoka kwa watu wa mfumo. Swali la kwanza, mteja anapotumia pointi, mfumo unaanza kukata zile za zamani au zile mpya? La pili, je, kuna kiwango cha chini cha kutumia, na zinakatwa moja moja au kwa mafungu? La tatu, kazi ya kufuta ilianza kufanya kazi saa ngapi hasa mwaka jana? Hili la mwisho usimwulize mtu kwa mdomo, kwa sababu kila mmoja atakutajia saa iliyoandikwa kwenye tangazo. Omba wakuonyeshe kumbukumbu za mfumo zenyewe.

Ndugu Mzee wa Vibao ana haki kwamba thamani lazima ionekane mapema kwa shilingi. Ila hiyo 18,400 ni mtego, na nitaeleza mleta uzi akirudi na majibu.

Shemeji wa Tabata

Nashukuru kwa kuleta uzi huu, maana na mimi nina pointi zangu za kituo cha mafuta ambazo zilipotea na nimezungushwa mpaka nimechoka. Nilibadilisha namba ya simu mwaka juzi, na pointi zikabaki kwenye namba ya zamani. Naomba kuelekezwa niandike barua ya namna gani ili nirudishiwe.

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Shemeji, pole sana, lakini hapa tunajadili tangazo la kuwaarifu wateja, si barua ya madai. Hata hivyo umenikumbusha jambo ambalo sikulifikiria: namba ambayo haikutumika muda mrefu huuzwa kwa mtu mwingine, na ujumbe wetu utamfikia yeye.

Msimamizi, nimepata majibu. Mfumo unakata pointi za zamani kwanza. Kiwango cha chini cha kutumia ni pointi 500, na baada ya hapo zinakatwa kwa mafungu ya 100. Kuhusu saa, nilipewa mistari hii, na nilipoisoma nilijisikia vibaya:

```
2025-06-30 00:04:11  POINTS_EXPIRE  START
2025-06-30 00:51:37  POINTS_EXPIRE  END
```

Maana yake ni kwamba tarehe 30 ilipoanza tu, pointi zilifutwa. Siku ya mwisho tuliyoitangaza haikuwapo kabisa.

Nimechukua pia mteja mmoja wa mfano. Ana pointi 1,840 kwa jumla, na kati ya hizo 620 ndizo za kabla ya Julai 1 mwaka jana.

Msimamizi Mstaafu

Sasa tunaweza kuzungumza. Mteja wako wa mfano anatosha kuonyesha kila kitu.

Ukimwandikia kwamba ana shilingi 18,400 na kwamba zitapotea, umemtisha bila sababu, kwa kuwa 1,220 kati ya pointi zake haziguswi mwaka huu. Atakuja dukani mbio mbio atumie zote, na mwaka kesho, ukimwambia tena kwamba pointi zake zitafutwa, atakuwa amekwisha kujifunza kwamba unazidisha. Idadi inayostahili kutajwa ni 620 peke yake. Na kwa kuwa mfumo wenu unaanza na za zamani, huna haja ya kumweleza kuna pointi za aina gani: akitumia kiasi hicho, ndizo zitakazotoka. Kama mfumo ungeanza na zile mpya, ujumbe huu usingewezekana kuandikwa kwa ukweli, kwa sababu mteja angetumia pointi 620 za mwaka huu na bado zile za zamani zikafutwa.

Haya, 620 ni shilingi ngapi? Kwa hesabu ya karatasi ni 6,200. Kwa hesabu ya kaunta ni 6,000, kwa sababu ya mafungu ya mia. Andika 6,000. Shilingi 200 ni kidogo, lakini mteja aliyeahidiwa 6,200 akapunguziwa 6,000 mbele ya foleni hatakumbuka kwamba alipewa 6,000. Atakumbuka kwamba alipunjwa. Keshia mwerevu anaweza kumshauri akate 700, ili zile 620 zitoke zote pamoja na 80 za mwaka huu, na hapo atapunguziwa 7,000. Hilo ni la kusemwa kwa mdomo kaunta, halina nafasi ndani ya herufi 160.

Lakini kuna kundi jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tafuta wateja ambao jumla ya pointi zao haifiki 500. Mtu mwenye pointi 420, zote za zamani, ukimwambia "zitumie kabla ya Juni 30", unamwambia afanye jambo ambalo mfumo wako unamkatalia. Atafika, atakataliwa, na ujumbe utakuwa umemgharimu nauli. Hawa usiwatumie maneno yale yale.

Mzee wa Vibao

Nimekubali kuhusu 18,400, nilikuwa sijui kuwa kuna za zamani na za mpya. Lakini hao wa pointi 420 mbona ni rahisi? Waambie waongeze manunuzi mpaka wafike 500.

Msimamizi Mstaafu

Zinapungua pointi 80, yaani anunue vitu vya shilingi 80,000 ndipo apunguziwe 5,000. Kwa familia inayofanya manunuzi ya mwezi hapo dukani huenda alikuwa anazitumia hizo 80,000 hata hivyo, na kumjulisha ni kumsaidia. Kwa mtu anayepita kununua mkate, ni kumcheka. Njia iliyo safi ni kuondoa kile kiwango cha 500 kwa mwezi wa Juni pekee, lakini uamuzi huo si wa mwandishi wa tangazo.

Mhasibu wa Zamu

Nami nitie neno, kwa upande wa vitabu. Pointi ambazo hazijatumika tunazibeba kama deni kwa mteja, na zinapofutwa deni hilo linaingia kwenye mapato. Kwa hiyo usishangae, mleta uzi, ukiona upande wa fedha hawana haraka ya kuondoa kiwango cha 500. Sisemi kwamba ni haki. Nasema tu kwamba utakapopeleka pendekezo, nenda na idadi ya wateja walio chini ya 500 na jumla ya pointi zao, kwa sababu bila hesabu watakujibu kwa neno moja.

Bi Mwana wa Mkunazini

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni mteja tu, tena nilikuwa mmoja wa waliofika tarehe 30 katika duka la namna hiyo hapa Unguja, ingawa sijui kama ndilo lenu. Naomba niseme mawili kuhusu maneno.

Kwanza, hiyo "saa 6:00 usiku tarehe 30". Kwa mfumo wa kompyuta, saa sita usiku ndipo tarehe inapoanza. Kwa mimi, tarehe 30 ni siku nitakayoamka asubuhi, nipike, niende dukani, na saa sita usiku yake ni baada ya hayo yote. Na bado wapo wazee wetu ambao siku kwao inaingia magharibi: ukiwaambia usiku wa Ijumaa, wanaelewa ule unaokuja baada ya Alhamisi kuchwa. Kwa hiyo saa moja hiyo hiyo mmeiandika, na watu wameisoma kwa namna tofauti, na hakuna hata mmoja aliyekosea lugha. Hata "usiku wa kuamkia" hautasaidia sana, maana duka lenyewe saa sita usiku limefungwa. Mnataja saa ambayo hakuna mtu anayeweza kununua kitu.

Pili, "zikomboe". Najua Wakenya wanalitumia neno hili kwa pointi za simu na wamelizoea. Lakini mimi nikiambiwa nikomboe kitu, najua kimewekwa rehani na natakiwa nitoe fedha ndipo nikipate. Mama mkwe wangu aliposomewa ujumbe kama huo aliuliza, "Kwani tunadaiwa shilingi ngapi?" Na "alama za uaminifu" alidhani ni maksi za tabia njema.

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Bi Mwana, shikamoo, na nakushukuru sana. Hilo la rehani limenichekesha, kisha likanihuzunisha, kwa sababu sasa naelewa kwa nini mwaka jana watu kadhaa walipiga simu kuuliza wanalipia wapi.

Nimezungumza na watu wa mfumo. Wamekubali kuisogeza kazi ya kufuta hadi saa 8 usiku wa kuamkia Julai 1, wakati matawi yote yatakuwa yamefungwa. Matawi hayafungi kwa saa moja, mengine saa 2 usiku na mengine saa 3, kwa hiyo nafikiri nisitaje saa kabisa. Rasimu yangu ya kwanza ni hii:

> Ndugu mteja, una pointi 620 zenye thamani ya Sh 6,000. Zitumie katika duka letu lolote, likiwemo tawi jipya la Ng’ambo, kabla ya Jumanne tarehe 30 Juni. Karibu sana!

Msimamizi Mstaafu

Umepiga hatua kubwa, lakini "kabla ya Jumanne tarehe 30" inamfanya msomaji makini aelewe kuwa mwisho ni Jumatatu. Umeshapata siku nzima ya tarehe 30 kutoka kwa watu wa mfumo. Usiitupe kwa neno "kabla ya". Sema zitafutwa Jumanne duka likifungwa. Hapo kila mtu anajua saa ya tawi lake, na hata mzee wa Bi Mwana hapotei, kwa sababu duka likifungwa limefungwa.

Jambo jingine, hujasema popote kwamba kuna kitu kitapotea. Mtu anaweza kudhani tarehe 30 ni mwisho wa ofa fulani na kwamba pointi zake zitabaki.

Fundi Laini

Ninatuma meseji za jumla kwa niaba ya kampuni, kwa hiyo nimehesabu. Rasimu yako ni fupi kwa macho lakini imepita herufi 160. Na hata ungeipunguza, kuna hiyo alama katika "Ng’ambo". Umeiandika kwenye programu ya kuandikia barua, nayo imeigeuza ikawa alama iliyopinda. Herufi moja ya namna hiyo ikiingia, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa herufi ambao unabeba 70 tu kwa ujumbe mmoja, kwa hiyo utalipia jumbe tatu kwa kila mteja. Emoji ya Mzee wa Vibao ingefanya vivyo hivyo. Tumia ' iliyonyooka, au tawi lisitajwe.

Angalizo la pili: jina la mtumaji likiwa ni jina la duka badala ya namba, mteja hawezi kujibu. Usimwandikie "jibu NDIYO".

Keshia wa Zamani

Mmezungumza pesa na tarehe, lakini sisi tuliokaa kwenye mashine hamjatufikia. "Zitumie dukani" haimwambii mteja afanye nini. Anadhani zitakatwa zenyewe. Analipa, risiti ya mashine ya EFD inatoka, halafu ndipo anauliza, "Na zile pointi?" Risiti ikishatoka, keshia hana uwezo wa kupunguza bei, lazima amwite msimamizi, foleni inasimama, na mara nyingi jibu linakuwa njoo siku nyingine. Kama siku yenyewe ni Juni 30, hakuna siku nyingine.

Ujumbe umwambie atamke kitu mapema. Maneno mawili yanatosha: "Natumia pointi." Keshia akiyasikia kabla ya kumaliza kupitisha vitu, anaingiza namba ya simu na salio linaonekana. Na tafadhali, makeshia waonyeshwe ujumbe huo kabla haujatumwa. Tulikuwa tunausikia kutoka kwa wateja.

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Nimekaa nayo jioni nzima. Hii hapa:

> Pointi zako 620 zitafutwa Jumanne 30 Juni duka likifungwa. Kabla ya hapo zinakupunguzia Sh 6,000. Keshia akianza tu, mwambie: natumia pointi. Hakuna malipo.

Nimehesabu herufi 156. "Hakuna malipo" nimeiweka kwa ajili ya mama mkwe wa Bi Mwana. Vigezo na masharti nimeviondoa, kwa kuwa sharti pekee lililomhusu mteja huyu, lile la mafungu ya mia, limekwisha kuingia ndani ya hiyo 6,000.

Mzee wa Vibao

Ni nzuri, lakini bado ninashikilia kwamba pesa ingetangulia. "Sh 6,000 zako za pointi zitafutwa Jumanne." Mtu anasoma nusu ya mstari kwenye kioo cha simu kabla ya kufungua, na nusu hiyo sasa inasema pointi.

Shemeji wa Tabata

Hapa mimi napingana nawe, mkuu. Ujumbe unaoanza na shilingi kutoka kwa mtumaji ambaye sikumtarajia, mimi naufuta papo hapo. Tumeshachoka na "ile pesa tuma kwenye namba hii". Neno pointi pamoja na jina la duka ndilo linaloniambia kuwa huyu ananijua. Na asante kwa kuwa hamkuweka kiungo cha kubonyeza.

Msimamizi Mstaafu

Wote wawili mna hoja, na sioni namna ya kulimaliza hapa kwa maneno. Mleta uzi anaweza kugawa orodha yake nusu kwa nusu, awatumie hawa moja na wale nyingine wiki tatu kabla, kisha ahesabu ni wangapi katika kila kundi waliotumia pointi ndani ya siku 7. Ahesabu waliotumia kaunta, si waliofungua ujumbe, maana hilo la kufungua kwa meseji za kawaida huwezi kuliona.

Fundi Laini

Kabla hujatuma, jaribu na mteja wako mwenye pointi nyingi kuliko wote. Mwenye 620 anapata herufi 156, lakini mwenye pointi 12,500 anaandikiwa "12,500" na "125,000", na ujumbe unafika 161. Herufi moja imezidi, nawe unalipia jumbe mbili kwa wateja wako wakubwa. Toa "tu" na nafasi iliyo mbele yake, ibaki "Keshia akianza, mwambie", na utarudi 158.

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Nimeitoa "tu". Mteja wetu mkubwa kuliko wote ana pointi 14,300 zitakazofutwa, na sasa ujumbe wake unaingia bila kuzidi.

Kuhusu walio chini ya 500, nimepeleka hesabu kama alivyoshauri Mhasibu, na jibu bado. Wakikataa kuondoa kiwango, nitawatumia wale tu ambao manunuzi yao ya kawaida ya mwezi yanaweza kuwafikisha 500 kabla ya Juni 30, na ujumbe wao utataja kiasi kilichobaki. Wengine sijui niwaambie nini. Kukaa kimya kunaniuma, na kuwatangazia hasara wasiyoweza kuizuia pia kunaniuma.

Bi Mwana wa Mkunazini

Mwanangu, mimi ningependa kuambiwa hata kama siwezi kuzitumia, ili nisije nikabishana na keshia Julai. Lakini nimemsomea mama mkwe ujumbe wako wa 620. Safari hii hakuuliza deni. Ameuliza kama anaweza kumtuma mjukuu akatumie pointi kwa namba yake.

Keshia wa Zamani

Kwetu iliwezekana, mjukuu alitakiwa kujua namba tu. Ndiyo maana hata jirani aliyeijua namba yako angeweza. Mleta uzi, waulize watu wa mfumo kama kwenu kuna namba ya siri kaunta, kwa sababu kama ipo, "mwambie: natumia pointi" haitoshi na mtu atakwama mbele ya mashine.

Kaunta ya Tatu (mleta uzi)

Nimeuliza sasa hivi. Kwa punguzo la kuanzia shilingi 20,000, mfumo hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye pointi. Chini ya hapo hakuna. Kwa hiyo wateja wa pointi 2,000 na kuendelea wanahitaji toleo lao, ambalo badala ya "Hakuna malipo" litasema "Uwe na simu". Kwa yule wa 14,300 nimehesabu tena: linaingia.